Maarifa ya Nyumbani: Nguo ya Pamba na Makunyanzi Yake



Mwezi huu twajibu barua ya bibi mmoja, msomaji wetu wa Tanga, ambaye jina lake twalihifadhi. Asema kwamba mwanawe ataoa baada ya mwezi mmoja, na kanzu ya harusi imekwisha kushonwa, ya pamba tupu, nyeupe. Desturi ya nyumba yake tangu zamani ni kupiga nguo pasi. Walakini mwaka huu wamenunua mashine ya mvuke, ile ipulizayo mvuke juu ya nguo iliyotundikwa, na dukani waliambiwa kwamba hawataihitaji pasi tena. Binti yake aliitundika ile kanzu, akaipuliza mvuke kwa robo saa nzima, na ilipokauka makunyanzi yalikuwa yangalipo, hasa mahali ilipokuwa imekunjwa na fundi. Mama akamlaumu binti kwa uvivu; binti akailaumu mashine; na baba, ambaye ndiye aliyetoa fedha, akawalaumu wote wawili. Bibi huyu atuuliza: Ni nani mwenye haki? Na afanyeje ili kanzu ya mwanawe isimwaibishe mbele ya wageni?

Twamjibu mara moja kabla ya kueleza: binti hana kosa, wala mashine si mbovu. Mashine ile imepewa kazi ambayo si yake. Lakini jibu hili halitamfaa bibi wala msomaji mwingine mpaka tujue kunyanzi ni kitu gani, na kwa nini pamba hukunjamana upesi kuliko nguo nyingine. Akijua hayo, hatahitaji tena kumwuliza muuza duka.

Pamba ni nywele ziotazo juu ya mbegu za mpamba. Kila unywele una urefu wa sentimita mbili unusu au tatu hivi, na ni mwembamba kuliko unywele wa kichwa cha mwanadamu. Tunda la mpamba lipasukapo, unywele hukauka, hubonyea, na kujisokota kama utepe. Nywele hizi husokotwa pamoja zikawa uzi, na uzi hufumwa ukawa nguo.

Ndani ya unywele huo mna kitu kimoja ambacho ndicho karibu pamba yote, nacho huitwa selulosi. Selulosi ni minyororo mirefu, membamba mno hata haionekani kwa jicho. Kila pete ya mnyororo ni kipande kidogo cha sukari iitwayo glukosi, na mnyororo mmoja waweza kuwa na maelfu ya pete. Msomaji asistaajabu kusikia sukari katika nguo; ikisha kufungamana namna hii huwa haina utamu tena, wala haiyeyuki katika maji.

Sasa twafika kwenye shina la jambo. Kila pete ya mnyororo ina kama mikono mitatu midogo iliyotokeza nje. Mkono mmoja ni atomu ya oksijeni iliyoshika atomu ya haidrojeni. Oksijeni ina choyo: huvuta upande wake umeme ambao wameshirikiana, ikaiacha haidrojeni na upungufu. Haidrojeni hiyo, kwa upungufu wake, huvutwa na oksijeni ya mnyororo wa jirani. Basi minyororo miwili ikilala karibu karibu, mikono yake hushikana. Mshikano huo ndio wataalamu wauitao bondi ya haidrojeni. Sisi hapa tutauita mshiko, ili maneno yasitulemee.

Mshiko mmoja peke yake ni dhaifu. Nguvu zake ni kama sehemu moja ya kumi, au hata moja ya ishirini, ya nguvu zinazoifunga pete na pete katika mnyororo wenyewe. Lakini mishiko ni mingi isiyohesabika, na wingi huo ndio unaoipa nguo umbo lake. Tena mshiko una tabia moja ambayo twamwomba msomaji aishike sana, kwani yote yatakayofuata yatoka humo: huvunjika kwa urahisi na hufungika tena kwa urahisi, wala hauna kumbukumbu ya jirani yake wa kwanza. Ukiachana na huyu, humshika yule aliye karibu.

Jambo jingine ni kwamba minyororo hii haikupangika sawasawa kila mahali. Mahali pengi imejipanga kama watu waliosimama katika safu, bega kwa bega, hata pasiwe na upenyo. Mahali pengine imevurugika kama watu sokoni, huyu aenda huku na yule kule, na nafasi ni nyingi. Mahali palipopangika hapaguswi na maji, kwa sababu hapana pa kuingilia. Mahali palipovurugika ndipo maji yaingiapo, na ndipo makunyanzi yazaliwapo.

Ili tuone namna kunyanzi linavyofanyika, chukua daftari nene ulipinde kwa mikono miwili. Utaona kwamba kurasa zateleza, moja juu ya nyingine, na pembeni hazilingani tena. Ukiliachilia, kurasa hurudi mahali pake. Lakini fikiri kwamba kila ukurasa umepakwa gundi mbichi. Ukilipinda daftari na kulishika hivyo hivyo mpaka gundi ikauke, kisha ukaliachilia, halitanyooka. Gundi imezishika kurasa katika mahali pake papya.

Unywele wa pamba ndivyo ulivyo. Ukipindwa, upande wa nje hunyooshwa na upande wa ndani hubanwa, na minyororo huteleza kidogo mahali pale palipovurugika. Mishiko ya zamani huvunjika, na mikono hushika majirani wapya. Nguo ikiachiliwa, ile mishiko mipya huizuia isirudi. Hilo ndilo kunyanzi: ni mishiko mingi iliyofungwa upya ilhali nguo imepindika.

Na hapa ndipo maji yaingiapo katika hadithi yetu. Maji nayo ni oksijeni na haidrojeni, kwa hiyo yana mikono ya aina ile ile. Yaingiapo baina ya minyororo miwili iliyoshikana, huwa kama mgeni aliyepita katikati ya watu wawili walioshikana mikono. Kila mmoja humwachia mwenziwe akamshika mgeni. Minyororo sasa yaweza kuteleza kwa raha, na nguo huwa laini, tayari kufuata umbo lolote. Mgeni akiondoka, yaani maji yakikauka, kila mkono hushika ule ulio karibu nao wakati huo. Maji ndiyo gundi mbichi, na kukauka kwake ndiko kukauka kwa gundi.

Kwa hiyo ipo kanuni moja, na atakayeikumbuka hiyo peke yake amepata faida ya makala haya: nguo ya pamba huchukua umbo ililokuwa nalo wakati ilipokuwa ikikauka. Ikikauka imenyooka, itanyooka. Ikikauka imekunjika, itakunjika.

Kanuni hii yatueleza mambo mengi tuyaonayo kila siku. Kanzu iliyokamuliwa kwa kusokotwa kisha ikatupwa juu ya kamba bila kukung'utwa hutoka na makunyanzi magumu, kwa kuwa imekauka katika msokoto ule. Ndivyo zilivyo nguo zilizozungushwa na mashine ya kufulia kisha zikasahauliwa ndani. Hata nguo tuionayo kavu ina maji ndani yake. Katika hewa ya wastani, kilo moja ya pamba hubeba gramu 70 au 80 za maji ambazo mkono hauwezi kuzihisi, na katika hewa nzito ya pwani hubeba zaidi. Mtu akikaa kitako kwa saa moja, jasho na joto la mwili huongezeka mahali alipokalia na nyuma ya magoti, mishiko ya hapo hulegea, nguo hubanwa kwa uzito wake. Na anapoinuka, jasho hukauka na mikunjo ikabaki. Mwenye kanzu hakufanya uzembe wowote. Maumbile ya pamba ndiyo hayo.

Baada ya maji, tutazame joto. Joto ni mtikisiko. Kitu kikipata moto, minyororo yake hutikisika zaidi, na mishiko iliyo dhaifu huachana. Basi mtu aweza kudhani kwamba joto peke yake latosha kuinyoosha nguo, wala haina haja ya maji. Sivyo. Pamba iliyo kavu kabisa hailegei mpaka ipate joto linalopita digrii 200 za sentigredi, na hapo ndipo pia inapoanza kukaribia kuungua. Lakini pamba iliyolowana minyororo yake ya mahali palipovurugika hulegea hata katika joto la kawaida la chumbani. Tofauti hii ni kubwa mno, na ndiyo sababu mtu huweza kuisugua nguo kavu kwa pasi kali mara ishirini, kunyanzi lisiondoke, kisha akanyunyiza maji kidogo likaondoka kwa mara moja. Madobi wa zamani waliojaza maji vinywani mwao na kuyapuliza juu ya nguo kama umande hawakusoma habari za minyororo, bali kazi yao iliwafundisha lililo kweli.

Joto basi lina kazi mbili juu ya nguo yenye unyevu. Kwanza, huharakisha kuteleza kwa minyororo. Pili, na hii ndiyo kazi kubwa zaidi, huyafukuza maji ili mishiko ifungike upesi, ilhali nguo ingali imenyooshwa. Maji hufungua na joto hukaza. Lakini lazima pawe na kitu cha tatu kinachoishika nguo iwe imenyooka katika muda ule wa kukaza, nacho ni mgandamizo wa chuma kizito juu ya meza iliyo sawa. Mambo matatu: maji, joto, na mgandamizo. Pasi inayo yote matatu.

Sasa tuitazame mashine ya mvuke tuone inayo mangapi. Mvuke ni maji yaliyogeuka hewa, nao umebeba joto jingi kuliko watu wadhanivyo. Joto la kuyageuza maji yanayochemka yawe mvuke hukaribia mara saba ya joto lililotumika kuyachemsha tangu yalipokuwa baridi. Mvuke ukigusa nguo iliyo baridi hurudi kuwa maji, na joto hilo lote hulimwaga juu ya nguo mara moja. (Ndiyo sababu mvuke huunguza mkono vibaya kuliko maji ya moto, na watoto wawekwe mbali na mashine hii.) Hivyo kwa pigo moja nguo hupata maji na joto, na mishiko hulegea. Mpaka hapo mashine imefanya kazi njema.

Lakini la tatu iko wapi? Nguo yaning'inia. Hapana chuma kinachoigandamiza wala meza inayoipokea. Kinachoivuta ni uzito wake wenyewe, na pengine mkono wa mtu anayeishika upindo. Kunyanzi dogo, lililotokea juzi kwa kukaa au kwa kubanwa katika mfuko, hukubali mvuto huo mdogo likaondoka. Kunyanzi la kina, lile lililofanywa kwa kukunja na kukandamiza, halikubali. Tena kuna jambo jingine: nguo ikisha kupata joto sawa na la mvuke, mvuke haugeuki tena kuwa maji juu yake, bali hupita tu. Kwa hiyo kupuliza kwa robo saa hakuiloweshi nguo zaidi sana kuliko kupuliza kwa dakika moja au mbili. Mwisho wa kazi, nguo huachwa ikauke hewani, na kwa kanuni tuliyoitaja hukauka katika umbo ililo nalo wakati huo, pamoja na kivuli cha ule mkunjo wa fundi.

Hapa huenda msomaji akauliza: Mbona watu huisifu mashine hii, na makoti ya sufu hutoka kwayo yakiwa yamenyooka vizuri? Ni kwa sababu sufu si pamba. Unywele wa kondoo una mawimbi na una nguvu ya kurudi kama springi. Ndani yake mna viungo vya salfa vilivyo imara, ambavyo mvuke wa kawaida hauviharibu, navyo huukumbusha unywele umbo lake la asili. Mvuke ukiilegeza sufu, yenyewe hurudi. Pamba haina cha kuikumbusha, lazima ishikwe. Nguo za poliesta nazo zina hali nyingine: minyororo yake haina mikono ile, na maji hayaingii ndani yake, na hailegei mpaka joto lipite digrii 70 hivi. Joto la mwili na jasho halifiki huko, ndiyo maana kanzu ya poliesta hushinda siku nzima bila kukunjamana sana. Walakini mwenye kuipiga pasi na atahadhari, kwa kuwa moto unaofaa pamba huweza kuiyeyusha.

Basi tumrudie bibi wa Tanga na kanzu ya mwanawe, tuifanye kazi hatua kwa hatua. Tuseme kanzu hiyo ikiwa kavu ina uzito wa gramu 400. Ndani yake tayari mna gramu 30 hivi za maji yasiyohisika. Tunataka kuongeza gramu 80 zaidi, ambazo ni chini ya nusu ya kikombe cha chai. Maji hayo yapulizwe kwa chupa ya kupulizia, au yanyunyizwe kwa vidole, kidogo kidogo kila mahali, na zaidi kidogo penye mkunjo wa fundi. Kisha kanzu iviringishwe ndani ya taulo safi na iachwe nusu saa.

Nusu saa hiyo wengi huiruka, na ndipo wanapoharibu. Maji yakisha kunyunyizwa huwa ni matone, hapa pamelowa na pale pakavu. Yahitaji muda yatambae, yaingie ndani ya kila unywele. Lakini kanzu isilale hivyo usiku kucha, maana katika joto letu la pwani nguo iliyoviringishwa na unyevu hupata kuvu, na madoa yake hayatoki kwa urahisi.

Pasi ya umeme iwekwe kwenye alama ya pamba, ambayo ni vitone vitatu. Maana yake ni joto lisilozidi digrii 200. Kitone kimoja ni digrii 110, na viwili ni 150. Anayetumia pasi ya makaa hana alama, basi ajaribu kwa tone la maji juu ya chuma. Tone likitanda na kuchemka polepole, moto haujatosha. Likilia na kutoweka mara moja, moto umefaa. Likiviringika na kurukaruka kama lulu bila kukauka, moto umekuwa mkali mno kwa nguo, aingoje ipoe.

Aanze na sehemu zenye nguo mbili au tatu pamoja, yaani shingo, ncha za mikono na pindo la chini, kwani hizo hukauka mwisho, kisha mikono, na mwili amalizie. Pasi iende kwa kufuata njia ya uzi, juu na chini. Isivutwe kimshazari, maana nguo iliyolegea huvutika kimshazari na itakaushwa ikiwa imepotoka. Na asiende mbio. Mvuke mweupe utokao chini ya pasi ni maji yanayoaga. Maadamu yanatoka, kazi haijaisha mahali hapo. Ukikoma, aiondoe pasi, kwa kuwa baada ya hapo joto halina tena la kufanya ila kuunguza.

Kisha kanzu itundikwe, wala isivaliwe wala kukunjwa kabla ya robo saa. Nguo itokayo mezani huwa bado ina joto na unyevu kidogo, yaani mishiko yake haijakaza. Anayeivaa papo hapo akaketi garini atafika na makunyanzi mapya, kisha atamlaumu aliyeipiga pasi.

Vipi mtu atajua kwamba amekosea? Dalili ni nne. Aweke mgongo wa mkono juu ya nguo baada ya kupoa: ikiwa yahisi ubaridi, ingali na maji, nayo itakunjamana itundikwapo. Akiona kunyanzi limekuwa kali kama mstari wa kisu mahali asipolitaka, amelikausha likiwa limekunjika, na dawa yake si kulisugua likiwa kavu bali kulilowesha tena na kuanza upya. Akiona rangi ya manjano, selulosi yenyewe imeanza kuharibika kwa moto, na hapo hakuna mshiko wa kufungua. Minyororo imekatika, na nguo hiyo itachanika hapo siku moja. Na akiona mng'aro juu ya nguo ya rangi nzito, nywele za juu zimelazwa na chuma. Siku nyingine aipige kwa upande wa ndani.

Na juu ya wanga, ambao wengi hupenda kuutia katika kanzu ya Ijumaa: wanga na pamba ni jamaa mmoja. Wanga nao ni minyororo ya glukosi, ila umeunganika kwa namna nyingine, na una mikono ile ile. Ndiyo maana hushikana na pamba vizuri, ukiufanya uzi uwe mgumu, usipindike kwa urahisi. Lakini nguvu zake zatokana na mishiko hiyo hiyo dhaifu, kwa hiyo jasho huulegeza na maji ya kufulia huuondoa. Uwe mwepesi, na upigwe pasi nguo ikiwa bado na unyevu, la sivyo wanga hugandana na chuma ukawa kahawia.

Yumkini msomaji atasema: Kama udhaifu wa mishiko ndio chanzo, kwa nini isitiwe mingine iliyo imara? Swali hilo wataalamu walijiuliza zamani. Mmoja katika waliolifanyia kazi sana ni Bibi Ruth Benerito, mwanakemia wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1916 na kufariki mwaka 2013, ambaye tangu mwaka 1953 alifanya kazi katika maabara ya wizara ya kilimo ya nchi yake mjini New Orleans. Njia iliyopatikana kwa kazi yake na ya wenziwe ni kuipitisha nguo katika dawa ambazo huunganisha mnyororo na mnyororo kwa viungo vya kweli, vile visivyovunjwa na maji. Nguo ikipindwa, viungo hivyo huirudisha, kama nyuzi zinazoshona kurasa za daftari. Ndizo nguo za pamba ziuzwazo kwa sifa ya kwamba hazihitaji pasi.

Walakini faida hiyo ina gharama yake. Minyororo iliyofungwa hivyo haiwezi tena kuteleza na kugawana mzigo, kwa hiyo nguo huchanika na kuchakaa upesi zaidi kuliko pamba isiyotiwa dawa. Na dawa zilizotumika zaidi hutoa formaldehidi kidogo, ambayo huwasha ngozi za baadhi ya watu. Anunuaye nguo ya namna hiyo na aifue kabla ya kuivaa.

Tumalizie kwa hukumu tuliyoombwa. Mama na amwondolee binti yake lawama, kwani hata angaliipuliza kanzu mvuke mpaka alasiri, mkunjo wa fundi usingaliondoka. Baba naye asiitupe mashine, maana fedha zake hazikupotea. Darizi ya shingoni isiyotaka kubanwa na chuma, mabuibui na nguo laini ziogopazo moto, koti la sufu la mwenye kusafiri, zote hizo ni kazi ya mashine ile. Na hata kanzu ya harusi itaihitaji: ipigwe pasi jioni kwa njia tuliyoieleza na itundikwe usiku mahali pakavu, na asubuhi, ikiwa imepata makunyanzi madogo ya kubebwa, ipulizwe mvuke dakika moja, upindo wake ukivutwa kwa mkono taratibu, na iachwe ikauke kabla bwana harusi hajaivaa.

Twamwombea bibi huyu na nyumba yake harusi ya heri. Wassalaam.